Pembe mraba inajificha wapi kwenye swali la beringi?

"Shikamoo mwalimu. Swali lilisema: meli iliondoka bandari P ikasafiri kilomita 24 kwa beringi ya 070° hadi Q, kisha ikageuka na kusafiri kilomita 10 kwa beringi ya 160° hadi R. Tafuta umbali PR. Majibu ya kuchagua: A km 14, B km 22, C km 26, D km 34. Nilichukua 24 kuwa haipotenusi kwa kuwa ndiyo kubwa, nikatoa, nikapata karibu 22, nikachagua B. Nikaambiwa nimekosa, na kwamba ningechora kwanza. Sasa nimechora, lakini 90 siioni popote. Naona 70 na 160 tu, na 160 imeshapita 90. Pembe mraba inatoka wapi?"

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo 160, maana ndiyo iliyokuzibia njia. Ukishaielewa, suala la haipotenusi litajinyoosha lenyewe.

Umezitafuta 70 na 160 ndani ya pembetatu, na hazimo humo. Hata moja haimo. Unaweza kulihakikisha hilo bila kunisikiliza mimi: pembe tatu za pembetatu yoyote hujumlishwa zikawa nyuzi 180, na hizo mbili peke yake zinafika 230. Pembetatu yenye pembe hizo haichoreki. Kwa hiyo ukiona umeziandika zote mbili ndani ya mchoro, ujue kwamba kuna kitu umekisoma vibaya kabla hata ya kugusa kanuni ya Pithagorasi.

Beringi haipimi pembe kati ya safari moja na nyingine. Inapima pembe kati ya kaskazini na uelekeo wa chombo, kuanzia kaskazini, kwa kufuata mzunguko wa mshale wa saa. Huandikwa kwa tarakimu tatu, ndiyo maana swali lako limeandika 070° na si 70°. Mashariki ni 090°, kusini ni 180°, magharibi ni 270°, na ukikamilisha mzunguko unarudi kaskazini kwenye 360°, ambayo ndiyo 000°. Mfikirie nahodha amesimama kwenye sitaha. Ananyoosha mkono kuelekea kaskazini, kisha anauzungusha kulia mpaka uelekee anakokwenda. Kiasi alichouzungusha ndiyo beringi. Akifika mahali pengine na kutaka kugeuka, hapimi kutoka pale mkono ulipoishia. Anaurudisha kaskazini, anaanza upya.

Hilo la kuanza upya ndilo wengi hulisahau. Kila mahali ambapo meli inabadilisha uelekeo panahitaji mstari wake wa kaskazini. Mchoro wenye mstari mmoja tu wa kaskazini pale P haujakamilika, na naamini wako uko hivyo.

Basi chukua karatasi tuchore pamoja. Weka nukta P upande wa kushoto wa karatasi, karibu na katikati. Kutoka P chora mstari mwepesi wa kwenda juu kabisa, uandike K kwa ajili ya kaskazini. Weka kipima pembe kwenye P, sifuri ikiwa kwenye huo mstari wa K, hesabu nyuzi 70 kwa upande wa kulia. Mstari utakaoupata unakwenda kulia na kupanda kidogo, kwa sababu umebakiza nyuzi 20 tu kufika mashariki. Mwisho wake andika Q, na kando ya mstari andika 24.

Sasa nenda Q. Kabla ya kufanya lolote, chora mstari mwingine wa kaskazini pale, sambamba na ule wa P. Usiusogeze wala kuulaza ili upendeze na mchoro. Uende juu wima kama wa kwanza. Weka kipima pembe kwenye Q, sifuri kwenye kaskazini mpya, hesabu nyuzi 160 kwa kulia. Mstari huu utashuka. Hauendi kusini kabisa, kwa sababu kusini ni 180. Unapotoka kidogo kuelekea kulia, nyuzi 20 kutoka mstari wa kusini. Mwisho wake andika R, na kando yake andika 10. Unganisha P na R kwa mstari wa nukta nukta, kwa sababu huo ndio tusioujua.

Angalia kona ya Q. Utaiona, hata kwa macho.

Lakini macho hayatoshi, kwa hiyo tuithibitishe. Simama Q, jiulize: ukitaka kurudi P ulikotoka, utashika beringi gani? Ulikuja kwa 070°, na kurudi ni kugeuka nyuma kabisa, yaani kuongeza nyuzi 180. Beringi ya P kutoka Q ni 250°. Na beringi ya R kutoka Q umepewa, ni 160°. Zote mbili zimepimwa mahali pamoja, kutoka mstari mmoja wa kaskazini, kwa hiyo pembe kati ya QP na QR ni tofauti yake: 250 ukitoa 160 unabaki na 90. Hiyo ndiyo pembe mraba uliyokuwa ukiitafuta. Haikuandikwa kwenye swali kwa sababu mtunzi alitaka uitoe mwenyewe kwenye beringi mbili.

Unaweza pia kuiona kwa mistari sambamba, ukipenda njia hiyo. Kaskazini ya P na kaskazini ya Q ni sambamba, na PQ unazikata zote mbili. Pembe mbili za ndani zilizo upande mmoja wa mkato hujumlishwa zikawa 180, hivyo pale Q, kati ya mstari wa kaskazini na mstari wa QP, kuna nyuzi 110. Ukizunguka Q kutoka QP hadi kaskazini umetembea 110, na kutoka kaskazini hadi QR umetembea 160, jumla 270. Mzunguko mzima ni 360. Kilichobaki, ambacho ndicho kilicho ndani ya pembetatu, ni 90. Mimi mwenyewe hupenda njia ya kwanza kwa sababu ina hatua chache za kukosea, ila hii ya pili inafaa sana kwa kujikagua.

Wako watakaokuambia utoe 70 kwenye 160 upate 90, umalize. Hapa jibu ni sahihi, lakini lazima ujue umepata nini. 160 ukitoa 70 ni kiasi meli ilichogeuka pale Q. Kama ingeendelea moja kwa moja ingebaki kwenye 070°; badala yake iligeuza omo nyuzi 90 kwenda kulia. Pembe ya kugeuka iko nje ya pembetatu. Pembe ya ndani ni kile kinachobaki ukitoa pembe hiyo kwenye 180. Ikitokea meli imegeuka 90, pembe ya ndani nayo ni 90, kwa hiyo hutaona tofauti. Lakini ikigeuka 60, pembe ya ndani ni 120, na aliyezoea kutoa tu ataandika 60 ndani ya mchoro na kuharibu kila kitu kinachofuata. Ukitumia beringi ya kurudi, kama tulivyofanya na ile 250°, unapata pembe ya ndani moja kwa moja bila hofu hiyo.

Sasa tuje kwenye haipotenusi. Haipotenusi si namba kubwa uliyopewa. Ni upande unaotazamana na pembe mraba. Weka alama ndogo ya mraba kwenye kona ya Q, kisha tafuta upande usioigusa kona hiyo. PQ unaigusa Q. QR unaigusa Q. Uliobaki ni PR, ule wa nukta nukta, ambao hukupewa. Kwa hiyo haipotenusi ndiyo inayotafutwa, na 24 na 10 ni pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba.

PR² = 24² + 10² = 576 + 100 = 676

PR = 26

Jibu ni C, kilomita 26.

Uliposema 24 ni haipotenusi kwa kuwa ni kubwa, ulilinganisha namba mbili ulizokuwa nazo ukasahau kwamba upande wa tatu nao una urefu wake. Ni kweli kwamba haipotenusi ni ndefu kuliko pande nyingine mbili. Lakini kubwa kati ya mbili si lazima iwe kubwa kati ya tatu. Na mchoro ungekushitua: PR ya urefu wa 22 ingekuwa fupi kuliko PQ ya 24, wakati ukiangalia karatasi unaona wazi kwamba R iko mbali zaidi na P kuliko Q ilivyo.

Ningependa uyaangalie tena yale majibu manne, maana mtunzi hakuyaokota. Kila moja ni jibu sahihi la mchoro fulani. 14 ni 24 ukitoa 10, jibu la meli iliyofika Q ikageuka nyuma kabisa, ikarudi njia ileile. 34 ni 24 ukijumlisha 10, jibu la meli ambayo haikugeuka hata kidogo. 22 ni jibu la pembetatu ambayo pembe mraba yake iko R na 24 ndiyo haipotenusi; ukipiga hesabu unapata kipeuo cha pili cha 476, karibu 21.8, kinakadiriwa kuwa 22. Na 26 ni jibu la pembe mraba iliyo Q. Kwa hiyo unapochagua kati ya A, B, C na D, unachagua kati ya michoro minne. Asiyechora anachagua mchoro bila kuuona.

Kuna mtego wa nne ambao haukuandikwa, na huwanasa hata wanaochora. Mtu anafika Q, hachori kaskazini mpya, anapima nyuzi 160 kutoka mstari wa QP. Pembetatu inatoka ndefu na nyembamba, karibu kunyooka. Akiichora kwa kipimo na kupima PR kwa rula anapata kama kilomita 33.6. Anatazama majibu, anaona 34, anafurahi. Amechora, amepima, amepata jibu lililo karibu na moja la kuchagua, na bado amekosa. Ndiyo maana nakusisitizia mstari wa pili wa kaskazini kuliko kitu kingine chochote kwenye barua hii.

Huenda unajiuliza kama ungeweza kufika C bila kuchora, kwa kuyaondoa majibu tu. Kwa swali hili, ndiyo, ukishajua kona ya Q ni pembe mraba. PR lazima izidi 24, kwa kuwa ni haipotenusi, na lazima iwe chini ya 34, kwa kuwa njia ya mkato ni fupi kuliko kuzunguka. Lililo kati ya 24 na 34 ni 26 peke yake. Ukaguzi huo ni mzuri na huchukua sekunde chache, ufanye kila mara. Lakini hautoshi kuutegemea, kwa sababu mtunzi akiweka 28 mahali pa 14, unabaki na majibu mawili na huna la kuyatenganisha isipokuwa hesabu. Tena, kujua kwamba kona ya Q ni pembe mraba kumetoka kwenye mchoro uleule unaotaka kuukwepa.

Na kuchora kwa kipimo kamili, kwa rula na kipima pembe, je? Kwa swali lako sentimita 1 kwa kilomita 2 inafaa sana: PQ inakuwa sentimita 12, QR sentimita 5, na PR inatakiwa itoke sentimita 13. Fanya hivyo nyumbani mara kadhaa ujionee. Kwenye mtihani ni polepole, na ina kasoro yake: ukikosea uzi mmoja tu pale P, nukta Q inahama karibu milimita 2 kwenye karatasi, ambazo ni karibu kilomita 0.4 baharini. Kama majibu yamepishana kwa kilomita 4, hilo halikudhuru. Yakiwa 26 na 26.5, linaweza kukudhuru. Kwa hiyo mtihanini chora kwa mkono, haraka, lakini kila uelekeo uende upande wake: 070° ielekee karibu na mashariki, 160° ielekee karibu na kusini. Mchoro wa mkono hauhitaji kuwa sahihi kwa milimita. Unahitaji tu kukuonyesha kona ipi ni pembe mraba na upande upi unaitazama.

Usiondoke hapa ukidhani kwamba kutoa ni kosa siku zote. Sikiliza swali hili. Meli inatoka P ikielekea mashariki kabisa, 090°. Mnara wa taa L uko kilomita 26 kutoka P. Baada ya kusafiri kilomita 24 meli inafika S, na hapo nahodha anauona mnara kusini kabisa, 180°. Mnara uko umbali gani kutoka S? Chora. Pale S, kurudi P ni 270° na kwenda L ni 180°, tofauti ni 90, kwa hiyo pembe mraba iko S. Upande usioigusa S ni PL, na huo umepewa, ni 26. Safari hii haipotenusi inajulikana, kwa hiyo unatoa: 676 ukitoa 576 unabaki na 100, na SL ni kilomita 10. Namba ni zilezile tatu, 10, 24 na 26. Kilichobadilika ni kipi umepewa na kipi umefichwa. Maneno ya kutoka, kusafiri na umbali yapo kwenye maswali yote mawili, kwa hiyo maneno hayawezi kukuambia ujumlishe au utoe. Alama ya mraba kwenye kona ndiyo inayokuambia.

Na je, kona isipokuwa 90? Hapo kanuni ya Pithagorasi haikubali kutumika moja kwa moja, hata kama namba zinavutia. Tuseme meli yako ilipofika Q ilishika 130° badala ya 160°. Beringi ya kurudi bado ni 250°, ukitoa 130 unapata 120. Pembetatu PQR haina pembe mraba. Ukijumlisha tu vipeo vya pili vya 24 na 10 na kutafuta kipeuo cha pili utapata 26 tena, na haiwezekani iwe 26, kwa sababu meli imegeuka kwa pembe ndogo kuliko mwanzo na lazima iwe imefika mbali zaidi. Kama umeshafundishwa kanuni ya kosaini, itumie. Kama bado, unaweza kuitengeneza pembe mraba mwenyewe. Refusha mstari PQ kupita Q, kisha kutoka R shusha mstari unaokutana nao kwa pembe mraba, mahali hapo pape jina T. Meli imegeuka 60, kwa hiyo pembetatu ndogo QTR ina nyuzi 60 pale Q, na haipotenusi yake ni 10. QT ni nusu ya 10, yaani 5, na TR ni karibu 8.66. Sasa una pembetatu mraba kubwa PTR: upande mmoja ni 24 na 5, yaani 29, na mwingine 8.66. Vipeo vyake vya pili ni 841 na 75, jumla 916, na PR ni karibu kilomita 30.3. Iko kati ya 26 na 34, kama tulivyotarajia.

Mara nyingi swali kama lako huwa na sehemu ya pili: tafuta beringi ya bandari kutoka R. Nakugusia kwa kuwa kosa lake ni lilelile la kwanza, la kuchanganya pembe ya ndani na beringi. Kona ya P ndani ya pembetatu ina tanjenti ya 10 kwa 24, na kikokotoo kinatoa karibu 22.6. Wengi huandika hiyo 22.6 kuwa jibu. Lakini hiyo ni pembe kati ya PQ na PR. Haijapimwa kutoka kaskazini. Mkono wa nahodha pale P ulifika 070° ulipoelekea Q, unaongeza 22.6 ndipo uelekee R, jumla 092.6°. Hiyo ni beringi ya R kutoka P. Swali linataka ya P kutoka R, kwa hiyo ongeza 180: karibu 273°. Soma neno "kutoka" kwa makini. Mahali panapotajwa baada yake ndipo unaposimama na kuchora kaskazini yako.

Jambo moja la wenye vyombo vya kweli, kwa kuwa huenda umewahi kulisikia. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani. Huelekea kaskazini ya sumaku, na tofauti yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Je, linaharibu hesabu yetu? Umbali hapana. Kwa safari fupi kama hii tofauti hiyo ni karibu ileile pale P na pale Q, kwa hiyo beringi zote mbili zinasogea kwa kiasi kimoja, na 250 na 160 zikisogea pamoja tofauti yake inabaki 90. Pembetatu nzima inazunguka kidogo juu ya ramani bila kubadilika umbo. Beringi ya mwisho ndiyo itakayohitaji kusahihishwa. Na kanuni ya Pithagorasi yenyewe inachukulia bahari kuwa bapa, jambo lisilo na madhara kwa makumi ya kilomita, lakini kwa safari ya kuvuka bahari kuu mduara wa dunia huingia kwenye hesabu na hutumika kanuni nyingine.

Ukichora maswali matano kwa namna hii na bado kona yako ya Q inatoka tofauti na hesabu ya beringi ya kurudi, usiendelee peke yako. Mpelekee mwalimu wako karatasi zenye michoro, si majibu, na umwombe akutazame ukichora moja mbele yake. Kuna wanaosoma mstari wa ndani wa namba za kipima pembe mahali pa mstari wa nje, na wanaozungusha kushoto badala ya kulia. Kosa la namna hiyo anaweza kuliona aliyesimama karibu yako kwa dakika moja, na mimi nikiwa mbali siwezi.

Kwa sasa jaribu hili. Meli inasafiri kilomita 15 kwa beringi ya 310° hadi Q, kisha kilomita 8 kwa beringi ya 040° hadi R. Majibu ya PR ni 7, 13, 17 na 23. Ukitoa 40 kwenye 310 unapata 270, na utadhani meli imegeuka robo tatu ya mzunguko. Chora kaskazini mbili, zungusha mkono wako kutoka 310° kwenda kulia ukipita 360°, uone umegeuka kiasi gani kabla hujayatazama majibu.